Katuni ya Busha na Mtu wa Kuituma

Kwenye gati la Pangani, upande wa mjini, abiria wanaosubiri kivuko cha kwenda Bweni hawana kazi nyingine zaidi ya simu. Hapo ndipo nilipomkuta kijana mmoja wa bodaboda akitazama katuni ya mabusha, mojawapo ya zile tulizozisambaza wenyewe. Aliitazama mpaka mwisho, akacheka pa kucheka, akanyamaza pa kunyamaza. Kisha akaifunga, akafungua ya mpira. Nikajitambulisha, nikamwuliza mbona hakumtumia mtu.

"Nimtumie nani, kaka? Baba yangu analo. Nikimtumia ataona namsema."

Katuni ile haikuwa mbaya. Ilikuwa na daktari wa koti jeupe, maneno yaliyopitiwa na wataalamu, na rangi za kupendeza. Ilichokosa ni mtu wa kuituma. Katuni ya televisheni hurushwa na kituo, iwe imependwa au haikupendwa. Katuni ya simu haitoki mahali ilipo mpaka mtu mmoja aamue kumpelekea mwingine, na uamuzi huo una aibu ndani yake, una heshima, una bando. Tangu siku ile ninapopanga kazi hizi siulizi kwanza nani ataitazama. Nauliza nani ataituma, kwa nani, na wakati anaifungua atakuwa amekaa na nani.

Hapa nitaufuata mpango wa katuni moja tu, ya busha, iliyotengenezwa baada ya ile ya gatini kwa ajili ya pwani ya Tanga kuanzia Mkinga hadi Pangani. Anayetaka kutengeneza ya kisukari au ya chanjo atabadilisha ugonjwa, lakini hatua atazikuta ni zilezile.

Jambo moja, na liwe bado ni kweli

Matende na mabusha ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili. Mbu akimuuma mtu mwenye vimelea hunyonya minyoo michanga iliyomo kwenye damu. Minyoo hiyo hukomaa ndani ya mbu kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha huingia kwa mtu mwingine mbu huyo anapouma tena. Mwilini hukua ikawa kama nyuzi nyembamba, ikaishi miaka 6 hadi 8 kwenye mishipa ya limfu, ile inayopitisha majimaji ya mwili, na kuiharibu. Mtu huweza kukaa nayo miaka bila kuhisi chochote. Uvimbe wa mguu au wa korodani huja baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka mbu.

Katika maelezo hayo mafupi zimo katuni tatu, na kosa la kwanza la mpangaji ni kutaka zote ziingie katika moja. Kuna katuni ya kingatiba, yaani zile dawa za ivermektini na albendazoli ambazo watu wote wanaostahili humeza mara moja kwa mwaka hata kama hawaumwi. Mpango wa taifa ulianza kuzigawa Mafia mwaka 2000, na Tanga ikafikiwa mwaka 2004. Kuna katuni ya mwenye tende la mguu, ambaye anatakiwa kuuosha kwa sabuni na maji kila siku, kuukausha hadi katikati ya vidole, kuuinua anapopumzika na kuvaa viatu. Na kuna katuni ya mwanamume mwenye busha, ambalo tiba yake ni upasuaji.

Tulichagua ya tatu, na sababu zetu nazitaja kwa kuwa zinafaa kupimiwa ujumbe wowote. Halmashauri nyingi nchini zimeshafikia kigezo cha kusimamisha ugawaji wa kingatiba. Ukitangaza dawa ambayo wilaya fulani haigawi tena, video itaendelea kuzunguka kwenye simu huku zahanati ikilaumiwa kwa kuficha dawa. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno moja, nenda kwa mratibu wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele katika halmashauri yako, umwulize mambo mawili: ni huduma gani inayotolewa hapa sasa hivi, na katika kituo gani. Usitegemee bango la ukutani, maana bango nalo huzeeka.

Sababu ya pili ni kwamba dawa haiondoi busha lililokwisha kuota. Inaua minyoo michanga kwenye damu ili mbu asipate cha kubeba. Mwanamume aliyemeza vidonge mwaka hadi mwaka akiambiwa ni dawa ya mabusha, na busha lake likabaki palepale, hana sababu ya kuamini katuni inayofuata. Kwake lazima useme waziwazi kwamba linalomhusu yeye ni kisu cha daktari.

Ujumbe wetu ukabaki sentensi moja: busha huletwa na mbu, na lina matibabu, nenda ukapimwe. Tuliandika "ukapimwe", hatukuandika "ukapasuliwe". Si kila uvimbe wa pale ni busha. Kuna ngiri, ambapo utumbo umeshuka, na yapo maradhi mengine ambayo daktari peke yake ndiye wa kuyatenganisha. Tukaamua pia kutotoa ahadi yoyote ya "hutaumwa tena kamwe". Kidonda cha upasuaji huweza kuvimba au kuingia wadudu, na mtu hulazimika kupumzika kazi nzito kwa wiki kadhaa. Aliyeahidiwa wepesi akapata uzito hugeuka mtangazaji wa upande wa pili, na yeye hahitaji katuni.

Nani anaweza kumwambia mwenye busha?

Hapa ndipo mpango wetu wa pili ulipotofautiana na ule wa kwanza, wa katuni ya daktari. Tulichukua karatasi, tukamchora mwenye busha katikati, tukamzungushia watu wote wenye namba yake, halafu tukauliza mmoja mmoja: huyu anaweza kumtumia? Mwana wa kiume, tulishasikia jibu lake gatini. Binti hawezi kabisa. Mke anaweza kumwambia chumbani lakini hawezi kumtumia video, kwa sababu simu ya mzee hushikwa na kila mtoto wa nyumba. Rafiki wa barazani anaweza, ila atakuwa kama anamdhihaki mbele ya kikundi. Mkwe tulimfuta kabla hatujamaliza kumchora.

Aliyebaki ni mjukuu. Kwetu pwani, babu na mjukuu wana utani wao. Mjukuu anaruhusiwa kumwambia babu asichoweza kuambiwa na mwanawe wa kumzaa, na babu hucheka. Juu ya hayo, mjukuu ndiye fundi wa simu ya babu: ndiye anayemwekea vocha, ndiye anayemfungulia picha zinazogoma. Basi daktari wa koti jeupe tukamwondoa, msimulizi akawa mjukuu. Kijana anayeipokea video hii hapelekewi somo. Anapelekewa maneno ya kumwambia babu yake, yakiwa yameshasemwa na mtu kama yeye.

Anayepanga katuni ya ugonjwa mwingine afanye zoezi hilohilo la karatasi kabla ya kuchagua wahusika. Ya kisukari pengine itasemwa na mke, kwa kuwa chungu kiko kwake. Ya chanjo ya mtoto huenda ikasemwa na bibi. Mhusika mkuu wa katuni ya simu achaguliwe kwa namna hiyo, kwa kuangalia ni nani mwenye ruhusa ya kulisema jambo hilo, hata kama si yeye anayelijua zaidi.

Maneno 120

Tulijiwekea sekunde 75. Ndefu kuliko hapo, mtu hukuahidi kwamba ataitazama akifika nyumbani. Kiswahili kinachosemwa kwa raha, na nafasi ya kupumua, hubeba maneno kama mawili kwa sekunde, na baadhi ya sekunde lazima ziwe za ukimya ili picha nayo iseme. Kwa hiyo sekunde 75 ni maneno yasiyozidi 120. Anayeanza na maandishi ya kitaalamu ya kurasa mbili hufikiri atayafupisha. Hayafupishiki. Andika upya ukiwa huna karatasi ile mbele yako, kisha uisome kwa sauti huku mwenzio ameshika saa.

Yetu iliishia hivi. Wazee wanacheza bao barazani, mmoja amesimama pembeni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mume mwenzangu."

"Mbona wenzio wamekaa, wewe umesimama?"

"Nimechoka kukaa tu."

"Babu, mimi si mgeni. Ni busha hilo. Na busha huletwa na mbu. Mbu huacha vijidudu mwilini, vinakua vinakuwa kama nyuzi, vinaharibu vijia vya maji ya mwili. Miaka inapita, maji yanajikusanya."

"Siyo madafu ya ujanani?"

"Dafu tunalisingizia bure."

"Haya, na sasa nimeshazeeka nalo."

"Lina matibabu. Daktari anapima kwanza. Likiwa ni busha, anachoma sindano ya ganzi, anatoa maji na utando wake. Mengine yote yanabaki mahali pake."

"Yote?"

"Yote, babu. Bibi asiwe na wasiwasi."

Babu anacheka. "Kesho nisindikize."

Kila neno hapo lina mgogoro wake. Nitaje mitatu.

"Mishipa ya limfu" ndilo neno sahihi, na mtaalamu aliyeyapitia maandishi yetu alilitaka. Lakini kwa wazee wengi wa pwani "mshipa" ni jina la maradhi yenyewe, busha au ngiri. Ukisema minyoo inaharibu mishipa, mtu anasikia maradhi yanaharibu maradhi. "Vijia vya maji ya mwili" si neno la kitabuni, lakini hakuna aliyelikosea.

Mgogoro wa pili ulikuwa "mfuko". Mwanzo tuliandika kwamba daktari anatoa maji na mfuko unaoyashikilia. Kitabibu ni kweli, kwa sababu ndani kuna kifuko chembamba kinachotolewa au kupinduliwa ili maji yasijae tena. Tulipomsomea mzee mmoja mvuvi wa Kigombe, alisimama. "Mfuko mzima?" Alikuwa amesikia mfuko wa nje, ule alionao. Sentensi moja ya ukweli ingewafukuza wanaume wote tuliokuwa tunawaita. "Utando" ukatuokoa, na "mengine yote yanabaki mahali pake" ikamaliza wasiwasi bila kukitaja kiungo chochote. Tuliwauliza wazee kama wanaelewa ni mengine yapi. Wakaangaliana, wakacheka, tukajua imefika.

Wa tatu ni dafu. Imani kwamba madafu huleta busha ni ya zamani pwani nzima, na rasimu yetu ya kwanza ilianza nayo: mtu anakunywa dafu, anavimba, kisha sauti inasema "si kweli". Tulipoijaribu, watu waliisimulia hivi: ile video inayoonyesha madafu yanavyoleta busha. Picha ilishinda maneno. Kwa hiyo ukitaka kusahihisha uvumi, tanguliza ukweli, utaje uvumi mara moja kwa maneno machache, na usiuchore kamwe. Katika michoro yetu hakuna dafu hata moja, ila minazi.

Picha isiyomwaibisha mshika simu

Kipimo chetu cha michoro kilikuwa kimoja: je, ninaweza kuifungua hii mkwe wangu akiwa amekaa jamvini pembeni? Kama haiwezekani, haitumwi. Kwa hiyo busha lenyewe halionekani. Kuna kikoi, kuna namna ya kusimama, kuna mkono unaoshika nguo kwa mbele wakati wa kutembea, na yeyote wa pwani anajua anaangalia nini. Wako waliotaka tuchore mchoro wa kitabibu wa ndani ili watu "waelewe". Mchoro huo mahali pake ni mezani kwa daktari.

Mbu ana tatizo lake. Ukimjaza kioo kizima, mtu wa kijijini atakwambia kwa utulivu kabisa kwamba mbu wakubwa hivyo kwao hawapo, na kwa hiyo ugonjwa huo nao haupo. Mwonyeshe kwanza kwa ukubwa wake juu ya mkono wa mtu aliyelala, kisha sogea polepole mpaka aonekane vizuri, halafu urudi ulikotoka. Safari hiyo ya kwenda na kurudi inakula sekunde 4 na inastahili. Vivyo hivyo kwa minyoo: ioanishwe na uzi wa kushonea ambao mtu anaujua.

Mchoraji asipokuwa mtu wa pwani, kaa naye. Wetu alichora ngalawa isiyo na mabawa yake ya pembeni, na katika jaribio la kwanza wavuvi walizungumzia ngalawa ile itakavyopinduka mpaka muda ukaisha. Pia mkataze kumchora mtu aliyemwona kweli. Kuna mchoraji alitumia picha ya mzee wa mtaani kwao kama kielelezo cha uso. Kofia ileile, ndevu zilezile. Video ingetoka, mzee yule angekuwa mwenye busha wa mkoa mzima. Uso wa babu yetu ulichanganywa kutoka kwa watu wengi, na ulionyeshwa kwa watu wa mitaa kadhaa ili tuhakikishe hakuna anayesema "huyu si fulani?"

Mandhari ziwe chache. Sisi tulitumia nne: baraza, chumba chenye mtu aliyelala, ndani ya mwili, na mlango wa hospitali. Kila mandhari mpya ni siku za mchoraji, na mtazamaji wa sekunde 75 hana haja nazo.

Maandishi ya kioo yasizidi mistari miwili, na kimo cha herufi kisipungue moja ya ishirini ya kimo cha picha. Kisha toka nje saa sita mchana, simama juani, ushushe mwanga wa simu kama afanyavyo mtu anayeokoa chaji. Kama husomi, na yeye hatasoma.

Megabaiti ni sehemu ya hadithi

Mtu akitumiwa video kwa WhatsApp akiwa anatumia bando, kwa kawaida simu haiishushi yenyewe. Inamwonyesha picha yenye ukungu na namba: hii ni MB kadhaa, bonyeza. Namba hiyo ndiyo maneno ya kwanza ya katuni yako, na mtu mwenye bando la siku huisoma kwa makini kuliko kichwa cha habari. Tulijiwekea kikomo cha MB 5.

Hesabu yake ni rahisi. Ukitenga kilobiti 450 kwa sekunde kwa picha na 64 kwa sauti, jumla ni 514. Zidisha kwa sekunde 75, gawanya kwa 8, unapata kilobaiti 4,800 na kitu, yaani MB 4.8. Katuni yenye rangi tambarare huvumilia ubanaji huo vizuri, kwa sharti kwamba mchoraji hakujaza vivuli, moshi na majani yanayotikisika. Kwenye kompyuta tulitumia amri hii:

```
ffmpeg -i busha.mov -vf "scale=640:640" -r 25 \
 -c:v libx264 -b:v 450k -c:a aac -b:a 64k -ac 1 \
 -movflags +faststart busha.mp4
```

Picha ni ya mraba kwa makusudi. Inasomeka bila kugeuza simu, na ikiwekwa kwenye televisheni ya kibanda umiza bado inaonekana nzima. Sehemu ya mwisho ya amri, `+faststart`, huweka taarifa za faili mwanzoni, ili iweze kuanza kucheza mtandaoni kabla haijashuka yote. Usiishie kuitazama kwenye kompyuta. Itume kwa simu ya bei ndogo, mwenye simu hiyo aihifadhi na kuipakia upya kwa simu ya tatu, na hiyo ya tatu ndiyo uitazame. Programu hizi huibana video kila inapopakiwa upya, na herufi ndizo zinazoumia kwanza.

Na chochote cha lazima kiwe ndani ya video. Ujumbe unaouandika chini yake hudondoka njiani. Weka kwenye pembe mwezi na mwaka wa kutengenezwa, kwa herufi zisizosumbua, ili atakayeipokea miaka mitatu baadaye ajue ina umri gani.

Wenye viswaswadu hawana WhatsApp. Kwao sauti peke yake, bila picha, imewekwa kwenye memori kadi na mafundi walewale wanaouza nyimbo, na kwa kuwa tumeandika mazungumzo, inaeleweka gizani. Hilo ni jaribio jingine la maandishi yako: fumba macho usikilize.

Kuijaribu kabla ya kulipa

Jaribu ukiwa bado na michoro isiyotembea iliyopangwa juu ya sauti ya simu. Kubadilisha neno wakati huo ni kazi ya dakika chache. Katuni ikishatembea, neno moja linaweza kuvuruga midomo, mikono na sekunde zote zinazofuata. Ndiyo maana pia idhini itafutwe kwa maandishi kabla ya michoro. Peleka kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri maneno yote na mchoro mmoja wa kila mandhari, na kama kazi inavuka wilaya, ifike kwenye kitengo cha Elimu ya Afya kwa Umma cha Wizara ya Afya. Tanga tuna bahati ya kuwa na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambacho kimeyasoma matende na mabusha kwa miaka mingi, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Mtaalamu wa kukusomea ukurasa mmoja hakosekani ukimfuata mapema, kabla hujawa na haraka.

Katika kujaribu, usimwulize mtu wa Tanga kama ameelewa. Atakwambia ameelewa sana, na atakushukuru. Mwambie akusimulie alichokiona kana kwamba wewe hukuwepo. Tulikaa na watu sita kwa mara moja, wanaume mbali na wanawake mbali, na swali la mwisho lilikuwa lile la gatini: "Ungemtumia nani?" Anayejibu "watu wote" hatamtumia mtu. Anayenyamaza kidogo, kisha akasema "kuna babu yangu mdogo yuko Moa", huyo amemwona mtu. Katika ile ya daktari, watu wa namna hiyo walikuwa wawili kati ya kumi na wawili. Ya mjukuu ilipata tisa. Ni kundi dogo, halithibitishi makubwa, lakini lilitosha kutuonyesha pa kuendelea.

Kuhusu bibi: mama mmoja alishauri mstari wa "bibi asiwe na wasiwasi" uondolewe kwa kuwa hauna adabu. Wenzake watano walimzomea. Tukauacha.

Kuisambaza, na mkia wake

WhatsApp ina breki yake. Ujumbe wa kawaida unaweza kuusambaza kwa mazungumzo yasiyozidi 5 kwa mpigo, na ukishapita mikono mitano hupigwa alama ya mishale miwili, kisha mtu anaweza kuutuma kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Maana yake kwa mpangaji ni kwamba kuitupia video kundi moja kubwa na kungoja iende ni kuipeleka moja kwa moja kwenye breki. Afadhali ianzie mikononi mwa watu wengi, kila mmoja akiwa amepewa faili safi: wahudumu wa afya ngazi ya jamii, viongozi wa vikundi vya wavuvi, makatibu wa vikoba, kocha wa timu ya mtaa. Mishale miwili pia huwatia watu shaka, kwa sababu uvumi nao huja na mishale hiyohiyo.

Nimeuacha mwisho mkia wa video. Katuni yetu ya kwanza, ile ya daktari, ilikuwa na tarehe za kambi ya upasuaji wa bure ndani yake, zimesemwa kabisa na msimulizi. Kambi ilipita. Video haikupita. Mwaka uliofuata mwanamume mmoja alipanda gari kutoka kijiji cha mbali, tarehe ileile, akiwa na shuka na ndoo, na hakuna aliyejua amekuja kufanya nini. Siku hizi mwili wa katuni hautaji tarehe, kituo wala gharama. Hayo yako kwenye mkia wa sekunde 6 za mwisho kati ya zile 75, uliotengenezwa peke yake, unaobadilishwa kwa kila wilaya, na kubandikwa upya huduma inapohama. Mkia una sentensi mbili: jina la kituo, na "Ukifika mapokezi, sema: nimetumwa na mjukuu."

Maneno hayo tuliyaweka kwa sababu mbili. Mwanamume hapendi kulitaja busha dirishani mbele ya foleni, na sisi tulitaka kujua nani ameletwa na katuni, kwani idadi ya waliotazama haitwambii kitu. Tulisahau jambo dogo tu. Katika kituo kimoja hatukumwambia mtu wa mapokezi. Mzee wa kwanza aliposema ametumwa na mjukuu, aliulizwa mjukuu mwenyewe yuko wapi, na anaumwa nini. Akaondoka. Tangu hapo mkia hautoki mpaka tumekaa na watu wa dirishani, wa zamu zote, na tumewaachia daftari la kuchora mstari mmoja kwa kila anayefika na maneno hayo.

Daftari la kituo cha pili nililipitia mwenyewe. Mistari haikuwa mingi, na mingi ilikuwa ya wazee kama tulivyotarajia. Pembeni mwa mmojawapo muuguzi alikuwa ameandika kwa kalamu: *huyu ana miaka 29.*